Matishari Mawili, Magunia Yaleyale: Lipi Litapinduka?

Matishari mawili ya chuma yameegeshwa kwenye gati moja la ziwa. Kila moja lina urefu wa mita 24 na kina cha mita 2.5 kutoka sakafu hadi sitaha. Yote mawili ni masanduku ya mstatili, bila omo iliyochongoka. Yamepakiwa magunia ya mahindi juu ya sitaha, rundo lina kimo cha mita 2, na ukigawanya shehena kwa eneo lote la sitaha unapata tani 1 kwa kila mita ya mraba. Yote yamezama mita 1.5, kwa hiyo sitaha imebaki mita 1 juu ya maji. Ukiyatazama kwa ubavu hutayatofautisha.

Tofauti yao ni moja tu. La kwanza lina upana wa mita 8, la pili mita 6. La kwanza linaweza kufungua kamba na kuondoka. La pili lisiondoke hata kidogo, maana upepo wa kawaida au watu wachache wakihamia upande mmoja wataliinamisha, na likishainama halina sababu ya kurudi.

Vipimo hivi ni vya mfano, vimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi kufuatwa. Lakini swali lenyewe ni la kila siku kwa yeyote anayepakia chombo chenye sakafu bapa: tishari la mchanga, pantoni ya abiria, jahazi la chuma la kubebea magari. Na watu wengi hulijibu vibaya kwa sababu wanachanganya mambo mawili, kuzama na kupinduka.

Kuzama kuna hesabu yake, na hiyo ni ya zamani sana. Chombo kinachoelea husukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wa chombo chenyewe pamoja na kilichomo. Tishari la mita 8 limezama mita 1.5, hivyo limesukuma mita za ujazo 24 × 8 × 1.5, yaani 288. Maji baridi ya ziwa yana uzito wa tani 1 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tishari na shehena yake ni tani 288: chuma tani 96, mahindi tani 192, ambayo ni magunia 1,920 ya kilo 100. Ukilifanyia hesabu hiyohiyo tishari la mita 6 unapata tani 216: chuma 72 na mahindi 144. Kwa hesabu ya kuzama, yote mawili yako salama sawasawa. Alama za kina zilizopakwa rangi ubavuni zitasoma namba ileile.

Kupinduka ni swali lingine, na alama za kina hazilijibu.

Ili kulijibu, inabidi kufuata nukta mbili. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, ambacho wahandisi wa meli duniani kote hukiandika kwa herufi G. Ni mahali ambapo uzito wote wa chombo na shehena unaweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika, ukivuta kwenda chini. Ya pili ni kitovu cha ueleaji, herufi B. Hapo ndipo msukumo wote wa maji unapohesabiwa kana kwamba umekusanyika, ukisukuma kwenda juu. B ni katikati ya umbo la ile sehemu ya chombo iliyo chini ya maji. Kwa sanduku la mstatili lililosimama wima, kuipata ni rahisi: nusu ya kina kilichozama. Matishari yetu yamezama mita 1.5, basi B iko mita 0.75 juu ya sakafu ya nje.

G inataka kazi kidogo. Chuma cha tishari tupu kina kitovu chake karibu na katikati ya kimo chake, tuseme mita 1.25 kutoka chini. Mahindi yako juu ya sitaha iliyo mita 2.5, na katikati ya rundo la mita 2 ni mita 1 zaidi, jumla 3.5. Sasa kila uzito unazidishwa kwa kimo chake: 96 × 1.25 ni 120, na 192 × 3.5 ni 672. Jumla ni 792. Ukigawanya kwa tani 288 unapata mita 2.75. Tishari la mita 6 linatoa jibu lilelile, kwa kuwa chuma na mahindi yote yamepungua kwa uwiano mmoja.

Hapa wengi hushtuka. Uzito uko mita 2.75 na msukumo uko mita 0.75. Yaani kitovu cha uzito kiko mita 2 nzima juu ya kitovu cha ueleaji, na kiko juu hata ya sitaha yenyewe. Je, kitu kinachobebwa chini ya kitovu chake cha uzito si lazima kianguke? Si lazima, na hapa ndipo elimu yote ya uthabiti wa vyombo inapoanzia. Meli nyingi za mizigo duniani zina G iliyo juu ya B na husafiri miaka mingi bila kupinduka. Siri ni kwamba chombo kinapoinama, B haitulii mahali pamoja.

Chukua tishari la mita 8 uliinamishe nyuzi 5 kwenda kulia. Upande wa kulia unazama zaidi, upande wa kushoto unanyanyuka. Kwenye ukingo wa kulia sehemu ya ziada iliyoingia majini ina kimo cha sentimita 35, ikipungua hadi sifuri katikati. Ni kabari ndefu, pembetatu yenye upana wa mita 4, inayokwenda urefu wote wa mita 24. Ujazo wake ni karibu mita 16.8. Kabari kama hiyo imetoka majini upande wa kushoto. Ni kana kwamba maji yaliyosukumwa yamehamishwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa umbali wa theluthi mbili za upana, yaani mita 5.33. Zidisha 16.8 kwa 5.33, kisha gawanya kwa ujazo wote wa 288. B imehama sentimita 31 kwenda upande ulioinama.

G nayo imehama, maana tishari lote limelala kidogo. Ikiwa mita 2 juu ya B, kwa nyuzi 5 imekwenda upande uleule wa kulia sentimita 17 na nusu.

Basi ni mashindano. Nukta zote mbili zinakimbilia upande ulioinama, na swali ni ipi itafika mbali zaidi. Hapa B imeshinda, 31 dhidi ya 17 na nusu. Msukumo wa maji sasa uko nje ya uzito, upande wa chini, kwa karibu sentimita 14. Tani 288 zinasukumwa juu upande wa kulia na tani 288 zinavutwa chini ndani zaidi, na jozi hiyo inalizungusha tishari kurudi wima. Kama G ndiyo ingetangulia, jozi ileile ingelizungusha kwenda kulekule lilikoinamia, na kadiri linavyozidi kuinama ndivyo linavyozidi kusukumwa.

Rudia hesabu kwa tishari la mita 6. Kabari sasa ina upana wa mita 3 tu na kimo cha sentimita 26 ukingoni. Ujazo wake ni mita 9.45, umehamishwa mita 4, na umegawanywa kwa 216. B imehama sentimita 17 na nusu. G, kama kwanza, sentimita 17 na nusu. Mashindano yametoka sare. Hakuna kinacholirudisha tishari wima.

Kufanya hesabu ya kabari kwa kila pembe kungewachosha manahodha na wajenzi. Njia ya mkato ilitafutwa na Mfaransa Pierre Bouguer, mtaalamu wa hisabati aliyekwenda Amerika ya Kusini mwaka 1735 na msafara wa kupima umbo la dunia karibu na ikweta, katika milima ya Ekuado ya leo. Kitabu chake kuhusu merikebu kilichapishwa mwaka 1746. Ndani yake alieleza nukta ya tatu na kuipa jina la metasenta, ambayo leo huandikwa M. Miaka 3 baadaye, mwaka 1749, Leonhard Euler alichapisha kazi yake mwenyewe kuhusu uthabiti wa vyombo, akiwa amefikia mambo hayohayo kwa njia nyingine.

Metasenta hupatikana hivi. Chombo kikiwa kimeinama kidogo, chora mstari wa wima kupitia mahali ilipohamia B. Mstari huo utaukata ule mstari wa katikati ya chombo, uliokuwa wima kabla hakijainama. Mahali inapokutana ndipo ilipo M. Jambo zuri ni kwamba kwa pembe ndogo M haisogei. Inamisha tishari nyuzi 2, 3 au 5, mistari yote itakutana karibu mahali palepale. Kwa hiyo badala ya kuhesabu mashindano upya kila mara, unalinganisha vimo viwili tu. M ikiwa juu ya G, tishari linarudi. M ikiwa chini ya G, halisimami wima. Umbali kati yao, GM, unaonyesha linarudi kwa nguvu kiasi gani.

Kwa sanduku la mstatili kimo cha M juu ya B kina kanuni fupi mno, ambayo mtu anaweza kuiandika nyuma ya daftari la shehena:

BM = upana × upana ÷ (12 × kina kilichozama)

Urefu haumo. Tishari la mita 24 na la mita 60, yakiwa na upana mmoja na kina kimoja, yana BM moja. Upana ndio wenye neno, tena unazidishwa kwa wenyewe, kwa sababu unafanya kazi mara mbili: unaikuza kabari, na unaihamisha mbali zaidi. Kwa tishari la mita 8, 64 ÷ 18 ni mita 3.56. Ongeza 0.75 ya B, M iko mita 4.31 kutoka chini. Toa 2.75 ya G. GM ni mita 1.56, nguvu nzuri kabisa. Kwa tishari la mita 6, 36 ÷ 18 ni mita 2. Ongeza 0.75 upate 2.75. Toa 2.75. GM ni sifuri.

Kupunguza upana kwa robo kumemaliza uthabiti wote.

Sifuri ina maana gani majini? Sanduku lenye kuta za wima hupata msaada mdogo linapoinama zaidi, maana M huanza kupanda pembe inapokua. Lakini msaada huo ni haba mno. Kwa tishari letu la mita 6 likiinama nyuzi 10, umbali kati ya msukumo na uzito ni kama milimita 5 tu. Watu 12 wa kilo 65 wakisogea mita 1.5 kwenda upande mmoja wanatosha kulifikisha hapo. Upepo ukilipiga rundo la magunia ubavuni hauhitaji ruhusa ya mtu.

Ndiyo maana vivuko vya watu vinadai uangalifu wa pekee, kwa kuwa abiria ni shehena inayotembea. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa, na watu 272 walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka Ziwa Victoria ikikaribia gati la Bwisya kisiwani Ukara. Ilisajiliwa kubeba abiria 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Safari zote mbili zilikuwa fupi, na zote mbili zilikuwa karibu na nchi kavu. Abiria wa ziada anayesimama kwenye sitaha ya juu anaongeza uzito, anapandisha G, na chombo kikikaribia gati anasogea upande wa kushukia pamoja na wenzake wote. Mambo hayo matatu yanakuja kwa wakati mmoja.

Linganisha na namba. Tuseme tishari la mita 8, likiwa na uzito uleule wa tani 288, limepakiwa juu zaidi hadi GM imebaki sentimita 30. Watu wenye uzito wa jumla wa tani 12, ambao ni chini kidogo ya 200, wakihama mita 2 kutoka katikati kwenda ubavuni, tishari litainama kama nyuzi 12. Sitaha iko mita 1 juu ya maji na ukingo wake uko mita 4 kutoka katikati, hivyo inaanza kuingia majini kwenye nyuzi 14. GM ikiwa mita 1.56, watu walewale wangeliinamisha nyuzi 3 tu.

Hizo nyuzi 14 ni mpaka ambao metasenta yenyewe haiujui. Kanuni ya BM inadhani upana wa tishari kwenye uso wa maji haubadiliki. Ukingo wa sitaha ukishazama, upana huo unaanza kupungua, kabari haikui tena kama kwanza, na nguvu ya kurudi inaporomoka. Kwa meli nyingi za mizigo na abiria, Shirika la Kimataifa la Bahari linataka GM ya mwanzo isipungue mita 0.15. Kwa tishari lenye sitaha iliyo karibu na maji, kuishia kwenye namba hiyo peke yake ni hatari. Lazima pia kuulizwa ukingo uko juu kiasi gani, na mashimo ya kuingilia ngamani yamefungwa au yako wazi.

Adui mwingine hukaa ndani. Ni maji ya ngama.

Tuseme tishari la mita 8 lina ngama moja isiyogawanywa, na maji yamevuja hadi sentimita 10, kifundo cha mguu tu. Hayo ni tani 19 na kitu. Nahodha anaweza kuyaona kama farumi, uzito wa chini unaosaidia. Kwa kimo cha G anakuwa na haki: inashuka hadi mita 2.58. Lakini maji hayo hayajatulia. Tishari likiinama, yanakimbilia upande wa chini, na kabari yao ndani ya ngama ni sawa kabisa na kabari ya nje, kwa sababu ngama ina upana uleule na urefu uleule. Kile ambacho ziwa linatoa kwa nje, maji ya ndani yanakifuta. BM yote ya mita 3.33 iliyobaki baada ya tishari kuzama kidogo zaidi inaondoka. GM inakuwa hasi, mita 1.78 chini ya sifuri.

Kitakachotokea ni hiki. Tishari halitasimama wima. Litalala upande mmoja hadi maji yajikusanye pembeni na sakafu ya upande wa pili ikauke. Hapo maji hayawezi tena kukimbia kwa uhuru, na tishari litatulia likiwa limeinama kama nyuzi 6. Wimbi likilisukuma litavuka wima na kulala nyuzi 6 upande wa pili. Hali hii inaweza kudumu, na inawadanganya watu wadhani ni shehena iliyopangwa vibaya. Maji yakifika sentimita 30, hata hapo pa kutulia hapapatikani tena. Sitaha imeshuka karibu na maji, na ukingo wake unazama kabla nguvu za pande mbili hazijalingana.

Dawa yake ni kuta za ndani zinazokwenda kwa urefu, kutoka omo hadi tezi. Ukuta mmoja katikati unapunguza madhara ya maji huru hadi robo. Kuta mbili zinazogawa ngama sehemu tatu zinayapunguza hadi moja ya tisa. Ndani ya tishari letu, hasara ya mita 3.33 inakuwa sentimita 37. Kuta za kukata upande kwa upande, ambazo mafundi wengi huzitegemea, hazipunguzi hasara hii iwapo maji yameingia vyumba vyote. Ni upana wa maji unaoumiza.

Mtu aliye ndani ya chombo anaweza kuhisi GM ikipungua kabla ya kuihesabu. Chombo chenye GM kubwa huyumba haraka haraka, kwa kishindo, na abiria hawakipendi. Chombo kinachokwisha nguvu huyumba polepole, tena taratibu kiasi cha kupendeza. Kwa kanuni ya kukadiria, yumbo moja la kwenda na kurudi huchukua sekunde zinazopatikana kwa kuzidisha upana kwa 0.8 na kugawanya kwa kipeuo cha pili cha GM. Tishari la mita 8 lenye GM ya 1.56 linachukua kama sekunde 5. Likibaki na sentimita 20 linachukua kama 14. Likifika mwisho wa yumbo na kukaa kidogo kana kwamba linafikiri, hilo ni onyo la kweli.

Na likianza kulala kulia, kisha kushoto, bila mzigo kuhama, kosa kubwa ni kuwaamuru wapagazi wahamishe magunia kwenda upande ulionyanyuka. Tishari lenye GM hasi litavuka wima kwa kasi na kulala upande wa pili, safari hii likiwa na magunia yanayolisaidia kuanguka. Kinachotakiwa ni kuteremsha uzito: punguza rundo la juu, fuata katikati, pampu maji ya ngama, waketishe watu chini.

Haya yote yanategemea kuijua G, na hesabu ya karatasi inaweza kukosea. Chuma kimeongezwa, winchi imefungwa, sitaha imewekwa zege. Kwa hiyo tishari lenyewe hupimwa kwa jaribio la kuinamisha. Huchaguliwa siku ya maji tulivu, kamba zinalegezwa, ngama inakaushwa. Timazi ndefu inaning'inizwa ndani, ncha yake ikizamishwa kwenye ndoo ya maji au mafuta isipeperuke, na nyuma yake rula imelazwa. Kisha uzito unaojulikana unahamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kwa tishari letu la tani 288, hamisha tani 2 kwa umbali wa mita 6. Timazi ya mita 3 ikisogea sentimita 8, GM ni mita 1.56, sawa na hesabu. Ikisogea sentimita 16, GM ni nusu yake, na kuna uzito juu ambao haukuandikwa popote. Jaribio linarudiwa kwa uzito tofauti na kwa pande zote mbili, ili kamba iliyokaza au upepo mdogo ujulikane kwenye namba.

Wasweden walijaribu jambo la namna hii kabla ya hesabu kuwepo. Mwaka 1628, kabla manowari ya Vasa haijatoka Stockholm, watu 30 waliamriwa wakimbie sitahani kutoka ubavu hadi ubavu. Baada ya mbio chache meli iliyumba vibaya hata jaribio likasimamishwa. Lakini meli haikuzuiwa. Tarehe 10 Agosti ilikwenda kama mita 1,300, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga, na ikazama. Bouguer alikuja zaidi ya miaka 100 baadaye. Timazi ilikwisha kusema. Kilichokosekana ni mtu wa kuitii.

Turudi kwa tishari la mita 6 lililobaki gatini na magunia 1,440 juu ya sitaha. Halihitaji kutupwa wala kupanuliwa. Likipunguziwa nusu ya mahindi na rundo likashushwa hadi mita 1, linazama mita 1 tu, M iko mita 3.5, G iko mita 2.13, na GM ni mita 1.38. Mwenye mali asiyetaka safari mbili ana njia nyingine. Afungue vifuniko na kuyashusha magunia yote 1,440 ngamani, yapangwe kutoka sakafuni hadi mita 2 na kubanwa yasitembee. Tishari litazama mita 1.5 kama kwanza, na M itabaki mita 2.75. Lakini G itashuka hadi mita 1.08, na GM itakuwa mita 1.67, zaidi hata ya ile ya tishari la mita 8. Tani ni zilezile 144. Lifunge vifuniko, likague ngama, liondoke.